Chuma Kimejaa, Damu Haipo

Mtu akirudi kutoka hospitali na habari kwamba damu yake imeshuka, nyumbani hakuna anayeuliza la kufanya. Mama anachemsha rozela, shangazi anatuma ini la ng'ombe, jirani anapendekeza matembele, na duka la dawa la mtaani linatoa vidonge vya kuongeza damu, yaani vidonge vya madini ya chuma. Mara nyingi wote hao wanakuwa wamelenga. Ukosefu wa chuma ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha upungufu wa damu duniani, na kwetu huku safura na hedhi nzito huuzidisha.

Lakini uko upungufu wa damu wa aina nyingine kabisa. Ndani yake chuma hakikukosekana hata kidogo. Kimejaa kwenye ini, kimejaa kwenye uboho ulio ndani ya mifupa, na kimejaa ndani ya zile seli changa ambazo zingepaswa kukitumia kutengeneza damu. Mgonjwa anahema akipanda ngazi, viganja vyake vimepauka, na kila kidonge cha chuma anachomeza kinamwongezea mzigo asioweza kuutua. Madaktari wanauita anemia ya sideroblasti. Si ugonjwa unaoonekana kila siku, na hilo ndilo linalofanya upite bila kutambuliwa, maana dalili zake zinafanana na za upungufu wa damu wa kawaida, na anayeutazama haraka atampa mgonjwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Ili tuuelewe, tuanze na kinachoonekana kwenye hadubini. Daktari akishuku kuna tatizo kwenye uboho, humlaza mgonjwa kifudifudi au kiubavu, akatia ganzi juu ya mfupa wa nyonga kwa nyuma, kisha akaingiza sindano nene na kuvuta uboho kidogo. Uboho huo hupakwa kwenye kioo na kutiwa rangi kwa njia iliyoelezwa mwaka 1867 na Mjerumani Max Perls, ambayo haijabadilika sana mpaka leo. Inahitaji kemikali mbili tu, ferosianidi ya potasiamu na asidi ya haidrokloriki, na popote penye chuma panageuka buluu. Seli changa ya damu nyekundu yenye afya inaweza kuonyesha punje moja mbili za buluu zilizotawanyika. Hiyo ni akiba ya kawaida na haina neno. Kwa mgonjwa wetu picha ni tofauti. Punje ni nyingi na zimejipanga kukizunguka kiini cha seli, kama pete. Wataalamu wamekubaliana kwamba seli inahesabiwa kuwa na pete pale punje zinapofika tano au zaidi na kuzunguka angalau theluthi moja ya kiini.

Kwa nini pete, na kwa nini pale karibu na kiini? Jibu lilipatikana hadubini za elektroni zilipoanza kutumika kuchunguza seli za damu. Marcel Bessis na Janine Breton-Gorius, waliofanya kazi Paris, walionyesha kwamba chuma kile kimekaa ndani ya mitokondria, vile viungo vidogo ndani ya seli vinavyoipatia nguvu. Katika seli changa ya damu, mitokondria hujikusanya kukizunguka kiini, kwa hiyo zikijaa chuma, ndizo zinazochora ile pete.

Mitokondria zina kazi nyingine ambayo ndiyo kiini cha habari hii yote. Himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, imeshikilia ndani yake molekuli ndogo iitwayo himu, na katikati ya kila himu kuna atomu moja ya chuma. Himu hutengenezwa kwa hatua nane. Hatua ya kwanza hufanyika ndani ya mitokondria, zinazofuata hufanyika nje, kisha kazi inarudi ndani kwa hatua za mwisho, na ya mwisho kabisa ni kuingiza chuma katikati ya molekuli iliyokwisha kuundwa. Hatua ile ya kwanza inaongozwa na kimeng'enya ambacho hakifanyi kazi mpaka kishikane na vitamini B6, inayojulikana pia kama piridoksini. Hapo ndipo pa kuweka alama, kwa sababu tutaparudia.

Sasa fikiria eneo la ujenzi ambako malori yanashusha saruji kila asubuhi lakini mafundi hawakufika. Saruji inarundikana, nyumba haipandi. Seli changa ya damu iko katika hali hiyo hiyo. Chuma kinaendelea kuingia kwenye mitokondria kikisubiri molekuli ya kukipokea, na molekuli hiyo haiji, au inakuja kidogo. Chuma kilichokwama huharibu mitokondria zenyewe, na seli nyingi hufia ndani ya uboho kabla hazijakomaa. Zile zinazofaulu kutoka ni ndogo na zimepauka. Mwili, ukiona damu ni chache, unatuma ujumbe kwenye utumbo kwamba ufyonze chuma zaidi kutoka kwenye chakula. Ujumbe huo ni sahihi kwa mtu aliyekosa chuma, ila kwa huyu ni hasara juu ya hasara.

Kinachozuia kazi kinaweza kuwa kitu cha kurithi, dawa, pombe, au kasoro inayozuka uzeeni kwenye seli za uboho. Nitakaa zaidi kwenye dawa, kwa sababu dawa inayohusika sana inamezwa na watu wengi katika nchi zetu, nayo ni aisoniazidi.

Aisoniazidi ilianza kutumika dhidi ya kifua kikuu mwaka 1952, na hadi leo ni mojawapo ya nguzo za tiba. Mgonjwa mpya humeza dawa nne pamoja kwa miezi miwili, yaani rifampisini, aisoniazidi, pirazinamidi na ethambuto, kisha rifampisini na aisoniazidi kwa miezi minne. Watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi hupewa pia aisoniazidi kwa miezi kadhaa ili wasije kuugua kifua kikuu. Imeokoa maisha ya watu wengi mno, na hakuna neno katika makala haya linalomshauri mtu aiache.

Ila ina tabia moja. Ndani ya mwili hujishikiza kwenye vitamini B6 na kutoka nayo kwenye mkojo, na pia huzuia kimeng'enya kinachoigeuza vitamini hiyo kuwa katika umbo linalotumika. Mtu anayekula vizuri kwa kawaida ana B6 ya kutosha kustahimili hasara hiyo. Mwenye akiba ndogo ndiye anayeumia: mjamzito, mlevi, mwenye utapiamlo, mwenye kisukari, mwenye figo zilizochoka, anayeishi na virusi vya Ukimwi. Urithi nao una sehemu yake. Kuna watu ambao maini yao huivunja aisoniazidi polepole, na katika jamii nyingi za Afrika na Ulaya wanakaribia nusu ya watu wote. Kwao dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi na kuchukua B6 nyingi zaidi.

Wa kwanza kulalamika huwa ni mishipa ya fahamu. Miguu inakufa ganzi, nyayo zinachoma kama zimekanyaga pilipili, hasa usiku. Ndiyo maana vituo vingi vya kifua kikuu hutoa pamoja na aisoniazidi kidonge kidogo cha piridoksini, miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Wagonjwa wengi huona kile kidonge ni cha ziada tu, na kikikosekana dirishani hawakidai. Upungufu wa damu wa sideroblasti unaotokana na aisoniazidi hutokea kwa nadra kuliko ganzi, lakini njia yake ni ile ile: B6 ikiisha, hatua ya kwanza ya kutengeneza himu inasimama.

Tuupitie mfano mmoja kwa utaratibu. Mgonjwa huyu nimemuunda mwenyewe ili hatua zote zionekane, lakini kila kinachompata ni kitu ambacho madaktari wa damu wanakijua.

Ni dereva wa lori, ana miaka 44 na kilo 60. Amegundulika ana kifua kikuu cha mapafu, akaanzishiwa vidonge vinne vya mchanganyiko kwa siku, ambavyo ndani yake mna miligramu 300 za aisoniazidi. Piridoksini hakupewa. Jioni hunywa pombe, na siku za safari ndefu hula mlo mmoja. Siku ya kuanza tiba damu yake ilikuwa gramu 11.2 kwa desilita, kiwango cha kawaida kwa mtu mwenye kifua kikuu, ambacho chenyewe hushusha damu kidogo. Mwezi wa tatu kikohozi kimekwisha na uzito umerudi, lakini damu imeshuka hadi 8.1. Anapewa vidonge vya chuma. Mwezi wa tano imefika 6.4, na sasa hawezi kupanda kwenye lori bila kupumzika.

Kitu cha kwanza kinachopaswa kumshtua mhudumu ni mwelekeo. Tiba ya kifua kikuu ikifanya kazi, damu hupanda yenyewe kadiri ugonjwa unavyopungua. Hapa kikohozi kinapona na damu inazama, tena mgonjwa akiwa anameza chuma. Daktari kijana anayempokea anaanza na maswali badala ya kuongeza dozi.

"Baba, miguu yako inakuaje usiku?"

"Inawaka moto, dokta. Nilidhani ni uchovu wa klachi."

Malaria hakuna, choo ni safi, hatoki damu popote, na kipimo cha virusi vya Ukimwi hakikuonyesha kitu. Mashine ya damu inasema seli zake nyekundu ni ndogo, na tena zinatofautiana mno kwa ukubwa. Hapo daktari anaomba kitu ambacho mashine haiwezi kukitoa, yaani mtu aketi atazame damu kwenye hadubini. Fundi sanifu wa maabara anaona makundi mawili yaliyochanganyika, seli ndogo zilizopauka na seli za kawaida, na ndani ya baadhi ya seli vidoadoa vyeusi ambavyo ni mabaki ya chuma. Seli changa mpya zilizotoka kwenye uboho hazifiki hata asilimia 1. Kwa mtu mwenye damu 6.4 uboho ungepaswa kuwa unakimbizana, na seli hizo zingeongezeka mara kadhaa.

Kisha vinakuja vipimo viwili vinavyoamua mambo. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma, ni 910. Kwa mtu aliyekosa chuma ingekuwa chini ya 30, mara nyingi chini ya 15. Daktari hatulii hapo, kwa sababu feritini hupanda pia mwili ukiwa na uvimbe wa ndani au maambukizi, na huyu bado yuko kwenye tiba ya kifua kikuu. Feritini peke yake ingeweza kumdanganya. Kipimo cha pili kinaangalia transferini, protini inayobeba chuma kwenye damu, na kuuliza ni sehemu gani yake imebeba mzigo. Kwa kawaida ni asilimia 20 hadi 45. Maambukizi hukishusha kipimo hiki, na ukosefu wa chuma nao hukishusha. Cha dereva wetu kimefika asilimia 71. Maambukizi hayafanyi hivyo. Chuma kipo kwa wingi na kinazunguka bila mtu wa kukipokea.

Uboho unachukuliwa, rangi ya Perls inatiwa, na katika kila seli changa 100 za damu nyekundu, 34 zina pete ya buluu.

Vidonge vya chuma vinasimamishwa siku hiyo hiyo. Tiba ya kifua kikuu haisimamishwi, kwa kuwa kuikatiza kungeweza kumrudishia ugonjwa na kumpa vimelea sugu. Anaanzishiwa piridoksini miligramu 100 kwa siku, anaombwa aache pombe kabisa, na anaambiwa arudi baada ya siku 10. Kama damu ingekuwa imeshuka kiasi cha kutishia moyo, angeongezewa damu, na kama piridoksini isingesaidia, wataalamu wa kifua kikuu wangemwondolea aisoniazidi na kupanga dawa nyingine mahali pake. Hayo hayakuhitajika. Siku ya 10 seli changa mpya kwenye damu zimefika asilimia 6, ishara kwamba uboho umeamka. Wiki ya tatu damu ni 8.3, na wiki ya nane ni 11.9. Ganzi ya miguu inaondoka polepole zaidi, kwa sababu mishipa ya fahamu haina haraka.

Kuna onyo dogo hapa. Ukisikia kwamba B6 ni salama, usichukue hiyo kama ruhusa ya kununua chupa na kumeza bila kipimo. Dozi kubwa kupita kiasi, zikitumiwa kwa muda mrefu, huleta ganzi ile ile ya miguu ambayo dozi ndogo huizuia.

Aisoniazidi haiko peke yake. Sikloserini, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, inaweza kufanya vivyo hivyo. Kloramfenikoli, dawa ya bei nafuu ambayo wengi wa rika la wazazi wetu walimeza kwa homa ya matumbo, na linezolidi, iliyomo katika tiba mpya za kifua kikuu sugu, hupitia njia tofauti. Hizo mbili huzuia mitokondria zisitengeneze protini zake zenyewe. Kwa hiyo piridoksini haina uwezo wa kuokoa uboho ulioathiriwa na linezolidi. Kinachosaidia ni kupunguza dozi au kuisimamisha, tena kwa uamuzi wa daktari anayepima damu ya mgonjwa mara kwa mara. Ndiyo sababu anayeianza linezolidi hutolewa damu kila baada ya muda mfupi, na asikasirikie sindano hizo.

Pombe inastahili nafasi yake. Dereva wetu alikuwa na mambo mawili kwa wakati mmoja, lakini pombe peke yake inaweza kuchora pete. Ini linapoichakata pombe huzalisha asetaldehidi, kitu chenye sumu ambacho huharakisha kuharibika kwa B6 iliyo tayari kutumika. Pombe pia hulemaza vimeng'enya kadhaa vya himu. Pete huonekana hasa kwa mtu anayekunywa sana kwa wiki nyingi huku hali chakula cha maana, ambaye pamoja na B6 ameishiwa pia foliki asidi, ile inayopatikana kwenye mboga za majani na maharage. Ni picha tunayoifahamu mitaani: mtu anayeanza na gongo au chang'aa asubuhi, na sahani ya ugali inarudi jikoni ilivyo. Kwake seli nyekundu huwa kubwa kuliko kawaida, tofauti na za dereva, na seli changa kabisa za uboho huonyesha mashimo ya uwazi ambayo mtaalamu akiyaona mara moja huuliza kuhusu unywaji.

Jambo la kutia moyo, na ni la kweli kabisa, ni kasi ya kupona. Mtu huyo akiacha kunywa na akaanza kula, pete hutoweka kwa siku chache, kwa kawaida ndani ya wiki mbili. Ndiyo maana mgonjwa aliyelazwa kwa wiki nzima kabla ya kutolewa uboho anaweza kuonyesha uboho unaoelekea kupona, na daktari akakosa ushahidi. Swali kuhusu pombe liulizwe siku ya kwanza, na lijibiwe ukweli. Anayejibu "kidogo tu" kwa aibu anaweza kujipeleka kwenye msururu wa vipimo vya gharama asivyovihitaji.

Aina za kurithi ni nadra zaidi, lakini ndizo zilizoufunua ugonjwa huu. Mwaka 1945 Thomas Cooley, daktari wa watoto wa Detroit nchini Marekani, alieleza familia ambayo upungufu wa damu ulikuwa ukiwashika wanaume na kupitishwa na wanawake. Mwaka 1956 madaktari wengine walieleza mgonjwa ambaye damu yake ilipanda alipopewa piridoksini. Jeni yenye kasoro katika familia ile ya Cooley ilitambuliwa mwaka 1994. Inaitwa ALAS2, iko kwenye kromosomu ya X, na ndiyo inayobeba maelekezo ya kile kimeng'enya cha hatua ya kwanza tuliyoiwekea alama, kile kisichofanya kazi bila B6.

Mwanamume ana kromosomu moja tu ya X, hivyo akirithi ile yenye kasoro hana nyingine ya kumsaidia. Mama yake, mwenye mbili, anaweza asione dalili yoyote, au akaanza kuishiwa damu akiwa mzee. Kwa wagonjwa wengi wa aina hii kimeng'enya kimelegea lakini hakijafa, na kikipewa B6 nyingi kinajikokota hadi kufanya kazi ya kutosha. Kijana aliyekuwa akiongezewa damu kila mara anaweza kuishi kwa kidonge cha B6 cha kila siku. Tatizo ni kumtambua. Seli zake ndogo zinafanana na za mtu aliyekosa chuma, na pia zinafanana na za thalasemia, ambayo ipo pwani ya Kenya na Tanzania na pia Omani. Akipewa jina la thalasemia bila kupimwa chuma wala uboho, anaweza kuzeeka na tiba yake ikiwa pale dukani.

Aina nyingine hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo huonekana zaidi kwenye familia ambazo ndugu huoana. Mojawapo huzuia malighafi ya himu isiingie kwenye mitokondria. Mtoto huanza kuongezewa damu akiwa mchanga, na B6 haimsaidii. Nyingine inasikitisha na kushangaza kwa pamoja: mtoto anapata kisukari, anapoteza kusikia, na damu yake inapungua. Kasoro iko kwenye njia inayoingiza vitamini B1 ndani ya seli. Akipewa B1 kwa dozi kubwa, damu hupanda na kisukari hulegea, ingawa masikio kwa kawaida hayarudi. Mtoto mwenye kisukari, uziwi na upungufu wa damu kwa pamoja apelekwe kwa bingwa bila kusubiri.

Kwa watu waliovuka miaka 60, sababu inayopatikana mara nyingi si dawa wala urithi. Ni badiliko lililozuka kwenye seli mama ya uboho, hasa kwenye jeni SF3B1, ambayo uhusiano wake na pete uligunduliwa mwaka 2011. Huu uko kwenye kundi la magonjwa ya uboho yanayopakana na saratani ya damu, ingawa aina hii yenye pete huenda taratibu kuliko ndugu zake. Wagonjwa hao huishi kwa kuongezewa damu, sindano za kuuamsha uboho, na tangu mwaka 2020 kuna dawa iitwayo luspatasepti iliyoidhinishwa Marekani kwa ajili yao. Bei yake bado iko mbali na mifuko ya wengi wetu.

Aina zote hizi zina hatari moja ya pamoja, nayo ni chuma kinachobaki. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za chuma, na kila siku hupoteza miligramu 1 au 2 tu. Hauna mlango wa kukitoa kilichozidi. Mfuko mmoja wa damu ya kuongezewa unaleta miligramu 200 au zaidi. Kidonge kimoja cha feri salfeti cha miligramu 200 kina miligramu 65 za chuma, na utumbo wa mgonjwa huyu hukifyonza kwa pupa kwa sababu ya ule ujumbe wa makosa. Miaka ikipita chuma hujikita kwenye ini na kulikausha, kwenye kongosho na kuleta kisukari, kwenye moyo na kuudhoofisha. Anayeongezewa damu mara kwa mara huhitaji dawa za kukinasa chuma na kukitoa, kama deferasiroksi. Mwenye aina ya kurithi ambaye damu yake imeshapanda kwa B6 anaweza hata kutolewa damu kidogo kidogo, kwa makusudi, ili chuma kipungue. Kumtoa damu mtu aliyekuwa akiishiwa damu kunasikika kama kichaa, na bado ni tiba sahihi.

Kwa hiyo ewe msomaji, ukipewa vidonge vya chuma, vimeze kama ulivyoelekezwa, kisha rudi upimwe. Mtu aliyekosa chuma kweli huongeza karibu gramu 1 hadi 2 kwa desilita ndani ya wiki nne. Kama mwezi umepita na damu haijasogea, ilhali umemeza kila siku na hakuna mahali unapotoka damu, usikubali kuongezewa pakiti nyingine kabla ya feritini kupimwa na damu yako kutazamwa kwenye hadubini. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, na pombe pia. Na kama uko kwenye dawa za kifua kikuu na nyayo zako zimeanza kuchoma, nenda kituoni kesho, dawa zako ukiwa nazo mkononi, ukaulizie piridoksini.